Sufuria ilielea, mtoto akaifuata: michezo tuliyoanzisha huku mwaloni baada ya kuponea chupuchupu

Mimi ni mama wa watoto watatu, naanika na kuuza dagaa kwenye mwalo wa Igombe, Mwanza, yaani pale ufukweni mitumbwi inaposhusha mzigo. Nyumba yangu na ziwa ni kama hatua themanini hivi, usiku nikilala nasikia mawimbi. Nimezaliwa hukuhuku, kwa hiyo maji sikuwahi kuyaona kama kitu cha kumfundisha mtoto, nilijua watajifunza kama nilivyojifunza mimi, yaani kwa kuyazoea. Sasa naandika haya maana kuyazoea ndiko kulikotaka kunitoa roho mwaka 2022.

Ilikuwa kipindi cha giza. Kwa ambao sio watu wa ziwa niwaeleze kidogo, dagaa wanavuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa taa, wanaume wanarudi alfajiri, wakishashusha mzigo wanalala. Sisi wanawake ndio tunaingia kazini, kuanika, kugeuza, kufukuza ndege na kuku, kubishana na wanunuzi. Kwa hiyo saa tatu mpaka saa saba mchana mwalo umejaa watu lakini hakuna anayeangalia maji. Wanaume wamelala, wanawake wameinama. Nimekuja kuliwaza hili baadae sana, watoto hawazami pakiwa hapana watu, wanazama watu tupo, ila kila mtu kaelekeza macho kwenye kazi yake.

Basi siku hiyo nilimtuma mtoto wa dada yangu, miaka tisa, aende kuosha vyombo ziwani, kitinda mimba wangu wa miaka sita akamfuata. Niliwaona wanaenda. Nikaendelea kugeuza dagaa.

Kilichotokea ni hiki. Sufuria ndogo ilielea ikaanza kwenda. Mdogo akaifuata, maji ya kwenye kifundo, ya goti, akanyoosha mkono, wimbi likaisogeza kidogo, akaongeza hatua moja. Pale mahali zamani palikuwa na banda la mtu, ziwa lilipopanda mwaka 2020 likameza banda na shimo la choo chake, maji yalipopungua kidogo watu tukasahau. Hatua ile moja ilimtoa kwenye goti ikampeleka kwenye maji yanayozidi kimo chake. Hakupiga kelele. Hakupunga mkono. Kijana mmoja aliyekuwa anashona nyavu ndiye aliyeona kichwa kinaingia na kutoka, akadhani mtoto anacheza, akaangalia tena, akaona mdomo uko wazi lakini hautoi sauti. Akachukua kasia, akaingia mpaka kiunoni, akamnyooshea, mtoto hakuweza kulishika, ikabidi amfikie kwa kasia na kumvuta kwa shati.

Alikuwa bado anapumua, anakohoa na kutapika maji. Watu wakajaa, mzee mmoja anataka ashikwe miguu aning'inizwe kichwa chini, mwingine anataka kumkamua tumbo. Kijana wa nyavu akakataa, akamlaza ubavu. Tukampakia bodaboda mpaka hospitali, wakamlaza usiku mzima kumwangalia kifua, na nesi akanieleza kwa nini, maji kidogo tu yakiingia kwenye mapafu mtoto anaweza kuonekana mzima halafu masaa machache baadae akaanza kushindwa kupumua. Kuhusu kukamua tumbo akanigombeza kabisa, alisema matapishi yanarudi yanaingia kwenye mapafu. Akasema asiyepumua anapuliziwa pumzi mdomoni kwanza, bila kusubiri kuyatoa maji, halafu ndio kifua kinabonyezwa.

Sasa sehemu iliyoniuma kuliko zote. Yule wa miaka tisa hatukumwona. Masaa mawili tunamtafuta, wengine wakaanza kuingiza mitumbwi wakidhani naye kazama. Alipatikana amejikunja nyuma ya vichanja vya dagaa, chini ya turubai, analia kimya. Alikuwa ameona kila kitu tangu sufuria inaelea. Nikamuuliza kwa nini hukuniita mama mdogo yako, nilikuwa pale pale! Akasema, "Sufuria ingepotea ungenichapa, na mdogo wangu nilikuwa nimeambiwa nisimwache aingie majini."

Aisee. Na ni kweli ningemchapa. Kwa sufuria ya elfu nne.

Nilikaa na hilo wiki nzima. Nikaona kuwafokea watoto "msiende ziwani" ni kazi bure maana sisi wenyewe ndio tunawatuma ziwani, maji ya kupikia, vyombo, nguo. Afu nikaona tatizo la binti yule halikuwa ujinga, alijua kabisa kwamba mdogo wake anakufa, kilichomziba mdomo ni mimi. Ndio tukaanza michezo, mimi na mama wawili jirani na yule kijana wa nyavu, na nitakuwa mkweli kwamba ya mwanzo tuliiharibu vibaya.

Kosa la kwanza, tulichezea ndani ya maji. Tuliwaweka kwenye maji ya magotini, mmoja anajifanya anazama, wengine wanaita. Siku ya pili tu watoto wakaona ni raha, wakawa wanajifanya kuzama hata sisi hatupo, wavuvi wawili wameamka usingizini wakakimbia mpaka majini wakakuta watoto wanacheka. Mmoja alinitukana mbele ya watu na alikuwa na haki. Pia magoti ya jumatatu yanakuwa kiuno cha ijumaa, mtoto akishaona anaweza. Na kichocho hakikusubiri, maji ya pembeni yenye majani ndiyo yenye konokono wake. Tukatoa kila kitu nchi kavu, kwenye mchanga, na sheria ikawa moja isiyo na mjadala, hakuna kujifanya unazama ndani ya maji, milele. Anayevunja anakaa nje ya michezo wiki nzima. Hiyo tu ndiyo adhabu tuliyobaki nayo.

Mchezo wa kwanza uliofanya kazi tuliuita Nani Kanyamaza. Watoto wanasimama duara wanaimba ukuti, macho wamefumba kidogo, mimi napita nyuma namgusa mmoja mgongoni. Wakifumbua wanaendelea kuimba na kuzunguka ila niliyemgusa anaacha kuimba, anainua kidevu juu kama anatafuta hewa, mdomo wazi, mikono anaikandamiza chini pembeni kama anasukuma meza. Hapungi. Haongei. Wa kwanza kumwona anapiga kelele. Kijana wa nyavu ndiye alituonyesha hilo umbo, ndivyo alivyomwona mwanangu, na nesi naye alikuwa ameniambia hivyohivyo, anayezama kweli hana pumzi ya kuita maana kila mdomo ukitoka juu ya maji anavuta hewa tu, na mikono inakandamiza maji yenyewe bila yeye kuamua. Mtoto anaweza kukaa hivyo kati ya sekunde 20 na 60 halafu anaenda chini. Ndio muda wote ulionao.

Mara ya kwanza wimbo uliisha hakuna aliyeona. Wote walikuwa wanatafuta mtu wa kupunga mikono, kama kwenye sinema. Baada ya wiki mbili tatu hata beti moja haiishi washaona. Binti wa dada ndiye mkali kuliko wote, anasema haangalii mikono, anaangalia nani hasikiki.

Mchezo wa pili ni wa sauti, na huu nilidhani hauhitaji kufundishwa, mtoto gani hajui kupiga kelele? Tukamweka mzee mmoja wa mitumbwi umbali wa hatua sitini, kazi yake ni kuinua mkono akisikia maneno, sio akisikia kelele. Mtoto wa kwanza akapiga yowe, mzee katulia. Wa pili, wa tatu, mzee anatuangalia tu. Tukamwendea, akasema, "Nasikia watoto wanacheza." Hapo ndio nikaelewa, mwaloni kelele za watoto ni kama za ndege, hakuna anayegeuka. "Nisaidieni" wanaitumia wakikimbizana, "mamaa" ndio kabisa. Mmoja akapendekeza waite "mwizi" maana kwa mwizi mwalo mzima unakuja, tukacheka sana, ila tukaacha, watu wangekuja na mawe na kuangalia barabarani badala ya majini.

Tukakubaliana maneno mawili ambayo hayatumiki kwenye mchezo wowote mwingine, "MTU MAJINI", halafu mahali. "Mtu majini, mawe ya kanisa!" "Mtu majini, kwenye mitumbwi!" Mara tatu. Bado mzee hakusikia vizuri na tukachelewa kugundua sababu, watoto walikuwa wanapiga kelele wakiangalia ziwa, kwa sababu macho yao yako kwa anayezama, kwa hiyo sauti yote inakwenda majini. Inabidi ugeuke, uwape watu uso, uite, halafu urudi kuangalia.

Ila ukigeuka unapoteza pale alipo. Maji yakishamfunika mtu yote yanafanana, hata mimi mtu mzima siwezi kukuonyesha. Ndio ikazaliwa kazi ya Kidole. Wakiwa wawili, mmoja anakuwa Sauti na mwingine anakuwa Kidole, Kidole ananyoosha mkono pale alipomwona mwenzake mara ya mwisho na hashushi, hata akilia, hata mkono ukiuma, mpaka mtu mzima aje asimame nyuma yake aangalie kwa kufuata mkono huo. Tunalifanyia mazoezi kwa kutupa kipande cha mti kwenye maji kinaelea, afu kinachukuliwa na mtumbwi, mtoto anatakiwa aendelee kuonyesha palepale huku wenzake wanamchekesha. Wa miaka saba wanaweza dakika mbili. Wadogo wanaanza kufuata mtumbwi.

Mchezo wa tatu ni wa dumu, na ndio wanaoupenda, maana una kulenga. Lengo lake lakini sio dumu, lengo ni kumpa mtoto kitu cha kufanya ili asiingie majini. Huku kwetu ukisikia wamezama wawili au watatu mara nyingi alizama mmoja, wengine waliingia kumtoa. Anayezama anashika chochote, akikushika shingo mnaenda wote, hata kama we unajua kuogelea.

Vifaa ni dumu la mafuta la lita 5 lenye mfuniko usiovuja na kamba ya manila mita 12. Kamba ilinigharimu elfu sita, madumu mawili elfu tatu, na kamba ya kwanza iliibiwa siku ya nne, mtu kaenda kufungia mtumbwi. Lita 5 inaonekana ndogo lakini dumu lililofungwa linabeba karibu kilo 5 juu ya maji, na mtu akiwa ndani ya maji huhitaji kumbeba uzito wake wote, unahitaji mdomo tu ubaki juu. La lita 20 linabeba zaidi ila mtoto wa miaka nane hawezi kulitupa. Tulianza na dumu tupu kabisa, likawa linarudi na upepo linaangukia miguuni kwa mtupaji! Mzee wa mitumbwi akatuambia tia maji kidogo, kama glasi mbili, linapata uzito wa kwenda na bado linaelea.

Tunachora duara mchangani hatua sita kutoka kwenye mstari, ndani anakaa mtoto mmoja pembeni (sio katikati, tumeshapasua mdomo wa mmoja). Mtupaji anakanyaga ncha ya kamba kwanza. Hili wanalisahau kila siku, wanatupa dumu na kamba yote inaenda. Anatupa kupitiliza duara, sio kulenga ndani, kisha anavuta taratibu mpaka dumu lipite pale alipo mwenzake, kwa sababu likianguka mbele yake kidogo tu anayezama hawezi kulifuata. Akilishika, mtupaji analala kifudifudi ndio avute, ukivuta umesimama unavutwa wewe. Kwenye mawe yetu yenye utelezi wa kijani hapo hakuna ubishi. Anayevuka mstari na mguu wowote kazama naye, anatoka. Mwanzo walikuwa wanavuka wote.

Na wakikosa mara mbili wanaacha, wanatupa kingine chochote kinachoelea na kukimbilia watu. Sio kazi yao kumaliza.

Mchezo wa mwisho ni mfupi ila ndio uliotugharimu sisi wazazi. Unaitwa Acha Iende. Mfuniko wa sufuria, ndala, mpira, tunarusha ng'ambo ya mstari, mtoto aliye karibu lazima asimame mikono kichwani aseme "acha iende" na aje kutoa taarifa kwa mtu mzima, anapigiwa makofi. Kabla ya kuuanza, kijana wa nyavu alivaa jaketi okozi, akafungwa kamba, akatembea palepale alipozama mwanangu ameshika mti mrefu. Hatua nne, goti. Hatua ya tano, goti. Ya sita akachovya mti mbele yake, ukaingia wote mpaka mkononi. Watoto walinyamaza kabisa. Nilikuwa nimewaambia "kuna kina" mara mia, hawakuwahi kunyamaza hivyo.

Ila mchezo ule hauna maana kama nyumbani ndala ikipotea mtoto anachapwa. Ikabidi tukae wamama kumi na mmoja tukubaliane, kitu kikichukuliwa na maji na mtoto akaja kusema, hakuna fimbo, hakuna kufokea. Na mtoto akiita "mtu majini" kwa nia njema, hata kama ni gunia au mbuzi, hafokewi. Wawili walikataa, wakasema tunawafundisha watoto uzembe. Mmoja mpaka leo hajakubali na watoto wake wanacheza na wetu, wanajua kabisa kwamba sheria inaishia mlangoni kwao, na hilo linanitia hofu kuliko mashimo.

Mimi mwenyewe nimepoteza ndala pea tatu na kikombe kimoja cha bati tangu tuanze. Siku ya kikombe nilijishika mdomo.

Niseme pia ambacho michezo haiwezi. Walio chini ya miaka mitano haiwafundishi chochote, wanaimba, wanarusha, dakika hiyohiyo wanageuka wanaingia majini. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya mwaka 2014 linataka hao wadogo wawekewe vizuizi na mahali salama pa kukaa mbali na maji, mafunzo ya kuogelea na usalama majini ni ya wa umri wa shule, na ndivyo tulivyoona wenyewe. Kwa hao tumeweka zamu, kipindi cha giza mama mmoja haaniki siku hiyo, anakaa nao chini ya mwembe kuanzia saa tatu mpaka saa saba, wenzake wanamgeuzia dagaa wake. Ilivunjika mara mbili kwa ugomvi wa nani kageuza vibaya. Magugumaji nayo yakijaa ufukweni tunasimamisha kuosha vyombo pale, kwa mtoto yanaonekana kama majani ya nchi kavu, anakanyaga anapita chini yake. Na namba ya Zimamoto na Uokoaji, 114, wakubwa wote wanaijua, tunapiga, lakini kwa sekunde nilizozitaja hapo juu wa kwanza kufika ni mwenye mtumbwi.

Mwezi wa tatu mwaka jana tulisikia "Mtu majini, kwenye mitumbwi!" saa tano asubuhi. Nikatupa kila kitu. Tulipofika tukakuta mtoto wa miaka nane kanyoosha kidole, mwingine kalala kifudifudi ameshika kamba, na mwisho wa kamba kuna mbwa. Mvuvi mmoja aliyeamshwa akaanza kubwata, mama yake mzazi ndiye aliyemnyamazisha, akamwambia kalale baba, ungeamka na kilio ungefurahi?

Madumu mawili yananing'inia kwenye mti ulio hapa mwaloni, tumeyapaka rangi nyekundu. Binti wa dada, sasa kakua, ndiye anayeyakagua jioni, anavuta kamba yote kuona kama imekatika, anatikisa dumu asikie yale maji ndani. Juzi moja halikuwepo. Nilimwona anakwenda moja kwa moja kwa jirani wa nyumba ya tatu, anapiga hodi, na yule bwana akatoka amelishika, limejaa petroli ya injini.

"Baba mdogo, dumu letu," akasema, akasimama pale mlangoni mpaka likamiminwa lote.